Hotuba ya mahafali: waeleze dirisha moja

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Mikindani, mwanamke. Nina karakana yangu ndogo na nimezoea kupokea vijana wa mafunzo kwa vitendo kutoka vyuo vya ufundi. Sasa mkuu wa chuo kimoja hapa Mtwara ameniomba nizungumze na wahitimu siku ya mahafali, dakika kumi, juu ya kuanza kazi na kuendelea kujifunza maisha yote. Nimeandika nikachana, maana kila nikisoma nasikia yale yale: jitumeni, muwe na nidhamu, elimu haina mwisho. Vijana hao nawajua. Cheti wanacho, mkono wanao, lakini kazi ya kwanza ya mteja inawatoa jasho. Tena wamo wa umeme, ushonaji na magari, si wachomeleaji peke yao. Niwaambie nini?*

*Fundi wa Mikindani*

Marahaba mwanangu. Hongera kwa kuitwa, na hongera zaidi kwa kuzichana hizo karatasi.

Nimefundisha karakana ya kuchomelea hadi nikastaafu, na mahafali nimekaa nayo mengi. Mhitimu haondoki na hotuba. Anaondoka na jambo moja akibahatika, na jambo hilo huwa ni kisa cha kazi. Kwa hiyo waeleze dirisha moja. Chukua grili ya kawaida, upana sentimita 120, kimo sentimita 150, uwapitishe tangu mteja anapokuja hadi mwaka mmoja baada ya kulipwa. Kuanza kazi kumo humo, na kujifunza kumo humo, hutahitaji kutafuta mada nyingine.

Anza na vipimo, maana hapo ndipo wengi wanapoumia siku ya kwanza. Fremu ni skwea paipu ya inchi 1, na katikati zinasimama nondo za mraba za milimita 12, tuseme 11. Ukitoa unene wa paipu juu na chini, kila nondo inatakiwa iwe na sentimita 145. Kijana wako ameshika kalamu: nondo 11 mara sentimita 145 ni karibu mita 16. Dukani wanauza nondo ndefu, na yeye anajua kwamba nyingi zina mita 5.8. Anagawa, anapata 2.75, anasema nanunua 3. Tena anafurahi, kwa sababu sentimita 580 ukigawa kwa 145 unapata 4 kamili. Nondo 3 zitampa vipande 12, na kimoja kitabaki.

Sasa awashe grainda. Diski ya kukatia ya kawaida inakula kama milimita 3 kila inapopita. Ili upate vipande vinne unakata mara tatu, kwa hiyo milimita 9 zimekuwa vumbi chini ya meza. Vipande vitatu vya kwanza vimetimia, cha nne kimepungua karibu sentimita nzima. Nondo zote tatu zikikatwa hivyo, ana vipande 9 vizuri na vitatu vifupi, na dirisha linataka 11. Hesabu yake ya kalamu ilikuwa sahihi kabisa, na bado amekwama.

Hapa ongea polepole, waache wafikiri, kisha waambie njia ambazo mafundi huzishika. Wa kwanza anajaza lile pengo la sentimita moja kwa rodi, anarundika chuma mpaka kinaonekana kimefika. Unamjua, umeshawahi kuletewa grili yake uirekebishe. Mshono ule ni dhaifu, umejaa matundu, na kutu itaanzia pale. Wa pili anapanda bodaboda kwenda kununua nondo ya nne. Kazi yake itakuwa nzuri, ila faida yake imebaki njiani. Wa tatu alipima nondo kabla ya kukata. Aliona ni mita 5.8 kweli, akakata kila kipande sentimita 144.7. Vipande vinne ni sentimita 578.8, mikato mitatu ni karibu 0.9, jumla 579.7, na nondo imetosha. Kila kipande kikisimama kwenye fremu kinaacha nafasi ya milimita moja na nusu juu na nyingine kama hiyo chini. Nafasi hiyo rodi ya milimita 2.5 inaifunga bila taabu, na mshono unaingia ndani vizuri kuliko kama vyuma vingekuwa vimebanana.

Huyo wa tatu alijifunza wapi? Chuoni alifundishwa kukata kwa kipimo, na ndivyo inavyotakiwa, lazima mkono ujue kufuata mstari. Ile milimita ya kuacha aliipata kwa kusimama karibu na fundi mzee na kumwuliza kwa nini kipande chake kifupi kidogo. Waambie swali hilo, kwa nini umefanya hivyo, waliulize katika karakana yoyote watakayoingia, lakini waulize kazi ikishatulia, si fundi akiwa ameshusha barakoa. Na waambie wapime nondo dukani, kwa futi yao wenyewe, kabla ya kulipa. Ikitokea ina mita 5.7, hakuna ujanja utakaotoa vipande vinne humo, na ni heri wajue wakiwa bado mbele ya muuzaji.

Kuhusu wa umeme na ushonaji, usiwe na hofu. Wape sentensi moja moja tu, watajiona. Fundi umeme anapopima waya kwenye ramani ya nyumba, ramani haimwoneshi waya unaoshuka kutoka darini hadi kwenye swichi, na kila chumba kina mshuko wake. Fundi cherehani aliyezoea kitambaa cha upana wa inchi 60 akiletewa cha inchi 45, mita zilezile hazitoshi gauni lilelile. Hata wa magari watakuelewa bila kuwatajia chochote. Ukitaka kuonekana umegusa kila fani utapoteza muda, na kisa chako kitakatika.

Baada ya vipimo nenda kwenye fedha, na hapa usione haya kutaja namba. Vijana wanaambiwa wajiajiri, ila ni wachache wanaooneshwa namna fundi anavyofanya kazi siku mbili akarudi nyumbani na pesa ya nauli. Tumia mfano, uwaambie wazi kwamba ni mfano, nawe weka bei za soko la wiki hiyo. Tuseme kijana amekubaliana na mteja shilingi 150,000, vifaa na ufundi pamoja. Amepiga hesabu ya vyuma na rangi, 95,000. Anaona amebakiwa na 55,000 kwa siku moja, na kweli si haba. Halafu nondo ya nne, 15,000. Bodaboda kwenda na kurudi, 4,000. Rodi, diski na umeme wa luku, ambavyo hakuviandika popote kwa sababu aliviona vidogo, 9,000. Zimetoka 28,000 nyingine. Amebakiwa na 27,000, na kazi imekwenda siku mbili. Hiyo ni 13,500 kwa siku, kwa mtu mwenye cheti, tena ameegemea mashine ambayo nayo inachakaa.

Mwambie basi kijana huyo afanye nini usiku ule. Achukue daftari la kawaida, ukurasa mmoja kwa kazi moja. Upande wa kushoto aandike alivyokadiria kabla ya kuanza: vyuma, rodi, diski, usafiri, siku. Upande wa kulia aandike ilivyokuwa. Chini aandike sababu ya tofauti, kwa maneno yake: sikupima nondo, ukuta ulikuwa umepinda, mvua ilinizuia. Makadirio yaandikwe kabla ya kazi. Akiyaandika baada ya kumaliza, moyo utamdanganya na atajiona alijua tangu mwanzo. Kazi zikiongezeka ataanza kuona sababu ileile ikirudi, na sababu inayorudi ndiyo somo analotakiwa kwenda kulitafuta, kwa fundi mwenzake au kwenye kozi. Mimi hili naliamini kuliko jambo lolote nitakalokuandikia hapa. Fundi asiye na rekodi anaweza kufanya kazi miaka 20 akarudia mwaka wake wa kwanza mara 20.

Daftari hilohilo litawakinga na ugonjwa wa fundi kula advansi. Unaujua unavyoanza, na mara nyingi hauanzi kwa wizi. Kijana amekosea makadirio ya dirisha, pesa ya vyuma imeisha kabla ya kazi, akapokea advansi ya mlango wa mteja wa pili akaimalizia dirisha la wa kwanza. Sasa mlango hauna vyuma. Anatafuta mteja wa tatu. Baada ya muda anazima simu. Waambie dalili ya mapema: siku utakayojikuta unaomba kazi mpya ili upate pesa ya kumalizia ya zamani, simama hapo. Nenda kwa mteja wa kwanza ukiwa na ukurasa wako, mwoneshe ulipokosea, mpatane. Wapo watakaogomba. Lakini mji wetu mdogo, mteja uliyemkimbia Chikongola utamkuta msibani Magomeni.

Kisha warudishe kwenye dirisha baada ya mwaka mmoja. Sehemu hii wahitimu hawaitarajii, na kwa mji wa pwani kama wetu ina maana kubwa. Chukua nyumba ya Shangani inayopokea upepo wa bahari. Chumvi inatua kwenye chuma, nayo chumvi huvuta unyevu na kuushikilia, kwa hiyo chuma kinabaki na majimaji hata siku ambayo hakukunyesha. Fundi aende akaitazame grili yake. Akiona michirizi ya kahawia inashuka kutoka kwenye maungio, huku katikati ya nondo rangi ni nzima, ajue kosa halikuwa la rangi. Ama hakugonga slagi yote, lile ganda la juu ya mshono, kabla ya praima, na slagi ilipobanduka iliondoka na rangi yake, ama alichomelea upande wa mbele tu unaoonekana, na nyuma kukabaki mwanya mwembamba ambamo maji ya chumvi hukaa bila kukauka. Vilevile atazame ncha za skwea paipu kama zilizibwa. Paipu iliyoachwa wazi inaingiza unyevu na kulika kutokea ndani, na nje utaona tu tundu limetokea siku moja.

Mwanafunzi anaonyesha kazi yake siku ya mtihani, chuma kikiwa bado kinang'aa. Mwaka wa pili wa kazi hakuna mkaguzi wa kuja kumwonyesha michirizi ile, lazima aende mwenyewe. Wape mazoea hayo kama kazi ya nyumbani: kila kazi ya mwaka wa kwanza, baada ya mwaka mmoja wapite, wabishe hodi, waangalie, na wanachokiona wakiandike kwenye ukurasa uleule wa daftari. Wengine watapata na kazi ya kurekebisha au kupaka upya. Wakipaka upya wakumbuke kuosha chuma kwa maji baridi ya bomba na kukiacha kikauke, kwa sababu rangi ikipakwa juu ya chumvi inaifungia ndani.

Wamo pia ambao hawatajiajiri. Wengine wana ndoto ya kiwanda cha saruji, bandari au gesi, na ni haki yao. Kwa hao una mfano mzuri hapahapa mkoani. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, na tangu 2015 kuna bomba linalotoka Madimba hadi Dar es Salaam, karibu kilomita 500. Bomba la namna hiyo limeunganishwa kwa mishono, na mtu haruhusiwi kuugusa mshono kwa sababu tu ana cheti cha chuo. Anapewa jaribio. Mojawapo ya yale magumu linaitwa 6G: bomba linafungwa likiwa limelala kwa nyuzi 45, haliruhusiwi kuzungushwa, na mchomeleaji analizunguka yeye, juu, ubavuni na chini yake. Kisha mshono unapigwa picha ya mionzi, au unakatwa vipande na kupindwa kuona kama utapasuka. Na katika viwango vinavyotumika sana kwenye kazi hizo, mchomeleaji akikaa miezi 6 bila kuchomelea kwa njia ile aliyopimwa, ithibati yake inakoma, hata kama amefanya kazi hiyo miaka 15. Anapimwa tena.

Waambie hivyo kwa upole, maana wengine watavunjika moyo. Lengo lako waone kwamba hata mchomeleaji wa daraja la juu anatakiwa kuuthibitisha mkono wake kila wakati, wala haoni kama anadharauliwa. Anayeota gesi aanze kwa kuuliza hatua iliyo mbele yake: aliyemaliza daraja la pili la ufundi stadi anaweza kurudi kwa la tatu, na vyuo vya VETA vina kozi fupi ambazo mtu anasoma huku anafanya kazi. Mwombe mkuu wa chuo akupe kabla ya siku hiyo orodha ya kozi fupi za chuo chake, na ada zake, ili uzitaje kwa majina. Kuwaambia vijana jiendelezeni bila kuwatajia mlango ni kuwachosha.

Na utaje lini. Ushauri wa jumla huwa hautaji hili, nasi watu wa Kusini tunalijua kwa mifuko yetu. Hapa kazi za mafundi zinafuata korosho. Minada ikianza, kwa kawaida Oktoba, na wakulima wakilipwa, kuanzia Tandahimba na Newala hadi mjini watu wanaezeka, wanaweka milango, wanashona za harusi. Miezi ile kijana hatapata hata muda wa kula. Kisha pesa inapungua, na masika yakifika karakana inakaa kimya. Kijana asiyejua mwenendo huo anaishi kifalme Desemba, na Aprili anauza grainda. Mwambie atenge kidogo kwenye kila kazi ya msimu, aandike kwenye daftari kuwa ni ya kozi, na miezi ya ukimya ndiyo aende kusoma. Atakaporudi Oktoba awe na jambo ambalo fundi wa jirani hana.

Jambo la mwisho ni la maandalizi. Dakika kumi ni maneno kama 1,000, si zaidi, na kuna makofi na jenereta. Kwa hiyo usijaribu kusema yote niliyoandika. Chukua vipimo, fedha na michirizi ya kutu, na gesi uitaje kwa ufupi ukiona muda upo. Hesabu ya nondo haisikiki vizuri kwa masikio peke yake, kwa hiyo nenda na vipande viwili vya kweli, kimoja cha sentimita 145 na kile kilichopungua, uviinue juu vikiwa sambamba. Nenda pia na ukurasa wa daftari lako mwenyewe kama unalo, mteja umfiche jina. Wazazi watakuwepo, nao wanahitaji kusikia hesabu ya fedha kuliko watoto wao, kwa sababu wao ndio wanaomwuliza kijana mwezi wa kwanza kwa nini haleti kitu nyumbani. Waombe wampe nafasi ya kukosea dirisha la kwanza bila kumwambia cheti chake ni cha bure.

Na kabla hujashuka jukwaani, wape siku moja ya wiki ambayo mhitimu yeyote anaweza kuja karakana kwako na ukurasa wake wa kazi ya kwanza mkaupitia pamoja. Chagua siku isiyo na wateja wengi, uitaje kwa sauti, na mkuu wa chuo aiandike kwenye ubao wa matangazo. Watakuja wachache, hao wapokee vizuri.